Kuvuna Bei Kutoka Ukurasa wa Wavuti: Programu Itajuaje Kwamba Namba Iliyoisoma Bado Ni Bei?

Maduka mengi ya mtandaoni huonyesha bei kwa kila mgeni lakini hayatoi kiolesura cha programu, yaani mlango rasmi ambao programu nyingine inaweza kuupitia kuomba bei na kujibiwa kwa mpangilio uliokubaliwa. Anayetaka kufuatilia bei za bidhaa 40 kila siku hubaki na njia moja, ambayo ni kuandika programu inayofungua ukurasa uleule anaoufungua mnunuzi, kutafuta namba ya bei ndani yake na kuihifadhi. Hatua ya mwanzo ni rahisi mno, kwa sababu mistari michache ya Python inatosha kuleta bei ya leo. Ugumu huanza pale mwenye tovuti anapobadilisha ukurasa wake, jambo analoweza kulifanya wakati wowote bila kumwarifu mtu, kwa kuwa ukurasa umetengenezwa kwa ajili ya macho ya watu na hakuna ahadi yoyote iliyotolewa kwa programu.

Mabadiliko hayo yana matokeo ya aina mbili. Huenda programu ikashindwa kuipata bei na kusimama kwa kosa linaloonekana, na hapo hasara ni siku moja au mbili zisizo na data. Huenda pia ikaendelea kufanya kazi bila malalamiko huku ikihifadhi namba nyingine iliyokaa mahali pa bei, na hasara yake ni kubwa zaidi, kwa sababu jedwali lililochafuka hugunduliwa baada ya wiki kadhaa, wakati watu wameshafanya maamuzi kwa kulitegemea. Kwa hiyo programu nzuri ya kuvuna bei hupimwa kwa uwezo wake wa kukataa namba inayotia shaka.

Kabla ya msimbo wowote, inafaa kujua kama mlango uko wazi. Jambo la kwanza la kusoma ni faili la `robots.txt` lililo kwenye mzizi wa tovuti. Utaratibu wa faili hilo ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994 na ulifuatwa kwa mazoea tu hadi Septemba 2022, ulipochapishwa kama waraka wa viwango wenye namba RFC 9309. Faili lenyewe huwa fupi:

```
User-agent: *
Disallow: /tafuta
Disallow: /kikapu
```

Mistari hii inaiambia kila programu isiguse kurasa za utafutaji wala za kikapu cha ununuzi, na kwa kunyamaza inaacha kurasa za bidhaa ziguswe. Waraka wa 2022 una kanuni mbili ambazo wengi huzipuuza. Seva ikijibu kwamba faili halipo, kwa mfano kwa namba 404, programu inaruhusiwa kuendelea. Lakini seva ikishindwa kujibu kwa hitilafu yake yenyewe, yaani kwa namba zinazoanzia 500, programu inatakiwa ichukulie kwamba imekatazwa kila kitu. Vilevile nakala ya faili iliyohifadhiwa haipaswi kutumika kwa zaidi ya saa 24, isipokuwa pale ambapo seva haipatikani. Kwa mantiki hiyo, kulisoma faili mara moja siku ya kuandika programu na kulisahau hakutoshi. Usomaji wake unapaswa kuwa sehemu ya kila mzunguko.

Jambo la pili ni vigezo na masharti ya tovuti, na hapa wapo wanaofarijiwa na kauli nyepesi kwamba data iliyo wazi kwa umma ni halali kwa yeyote. Kesi mbili zinaonyesha kwamba kauli hiyo haijakamilika. Kampuni ya kulinganisha bei iitwayo PR Aviation ilikuwa ikichukua taarifa za safari na nauli kutoka tovuti ya Ryanair, ambako mtumiaji alitakiwa kuweka alama ya kuyakubali masharti. Januari 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba pale hifadhidata isipolindwa na hakimiliki wala na haki maalumu ya hifadhidata, Maelekezo ya 96/9 ya Umoja huo hayamzuii mwenye tovuti kuweka mipaka ya matumizi kwa njia ya mkataba. Kwa maneno mengine, kukosekana kwa ulinzi mmoja kuliacha nafasi kwa ulinzi mwingine. Nchini Marekani, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliona mwaka 2022, katika kesi ya hiQ dhidi ya LinkedIn, kwamba kusoma kurasa zilizo wazi kwa kila mtu huenda kusihesabiwe kuwa uvamizi wa kompyuta chini ya sheria ya shirikisho. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, mahakama ya chini katika kesi hiyohiyo iliona kwamba hiQ ilikuwa imevunja mkataba wa watumiaji.

Kwa mvunaji, maana ya kesi hizi ni kwamba maswali yapo matatu na kila moja hujibiwa peke yake: je, kuingia kwenyewe kunaruhusiwa, je, mkusanyo wa data una ulinzi wa kisheria, na je, kuna mkataba ulioukubali? Swali la tatu hubadilika uzito kulingana na namna masharti yalivyowasilishwa. Masharti yaliyo kwenye kiungo kidogo chini ya ukurasa ni dhaifu zaidi kama ushahidi wa makubaliano kuliko yale uliyoyabonyezea kitufe, na ukishafungua akaunti ili uone bei, umeshayakubali kwa uwazi. Ndiyo sababu ninashauri programu isiingie kamwe kwa jina la mtumiaji na nenosiri ili kufikia bei. Ukurasa unaodai hivyo umeshaacha kuwa wa umma. Sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na kama data inakwenda kuuzwa au kuchapishwa upya, mwanasheria anapaswa kuyasoma masharti kabla mtaalamu wa programu hajayagusa.

Tuchukulie kwamba milango yote iko wazi. Mwenendo wa kistaarabu mbele ya seva ni suala fupi. Programu ijitambulishe kwenye kichwa cha `User-Agent` kwa jina lake na anwani ya kuwasiliana na mwenye nayo, ipumzike sekunde kadhaa kati ya ombi na ombi, na ikumbuke `ETag`, yaani alama ya toleo la ukurasa iliyokuja na jibu lililopita, na kuirudisha kwenye ombi linalofuata ili seva iweze kujibu 304, yaani ukurasa haujabadilika, bila kutuma ukurasa mzima tena. Ikijibiwa 429, yaani maombi yamezidi, isimame na kusubiri muda uliotajwa kwenye `Retry-After`. Kwa bidhaa 40 kwa siku, seva haitahisi chochote.

Sasa tufungue ukurasa wenyewe. Chukua bidhaa moja, printa yenye namba ya bidhaa PR-410, inayouzwa kwa 1,299.00. Msimbo wa ukurasa una kipande hiki:

```html
<span class="price">1,299.00</span>
```

Mwandishi wa programu anayeharakisha hutumia maktaba ya BeautifulSoup na kuandika `soup.select_one(".price")`, akapata 1,299.00 na kuendelea na mengine. Miezi inapita, kisha duka linaanza kutoa mauzo kwa mafungu 12 ya kila mwezi, na mbunifu wa ukurasa anayaweka mafungu hayo juu ya bei kamili kwa sababu yanavutia zaidi:

```html
<span class="price">108.25</span> <small>kwa mwezi</small>
<span class="price">1,299.00</span>
```

Amri ya `select_one` hurudisha kipengele cha kwanza kinacholingana, kwa hiyo programu sasa inahifadhi 108.25. Hakuna kosa lililotokea, kichaguzi, yaani yale maelezo ya `.price` yanayotaja kipengele kinachotafutwa, kimepata kilichoombwa na namba ni halali kihesabu. Mtu anayetazama jedwali ataona printa imeshuka bei kwa asilimia 92, na kama jedwali hilo linalisha mfumo unaopanga bei wenyewe, mfumo utalifuata anguko hilo bila kumuuliza mtu.

Wengi hulijibu tatizo hili kwa kuandika kichaguzi kirefu zaidi, kinachofuata njia kutoka juu ya ukurasa hadi kwenye bei hatua kwa hatua. Hilo huongeza tatizo, kwa maana kila hatua kwenye njia ni kitu kingine ambacho mbunifu anaweza kukihamisha. Kibaya zaidi ni kutegemea majina ya `class` yaliyozalishwa na zana za ujenzi wa tovuti, yale yanayoonekana kama `css-1x9k2`, ambayo hubadilika kila mara tovuti inapojengwa upya hata kama mgeni haoni tofauti yoyote. Kichaguzi kinapaswa kushika kitu chenye maana, si mahali kilipokaa.

Kwa bahati nzuri kurasa nyingi za bidhaa hubeba bei mara mbili. Tangu mwaka 2011, injini za utafutaji zimekuwa zikitumia msamiati wa pamoja uitwao Schema.org, na maduka huuweka ndani ya ukurasa ili bei zao zionekane kwenye matokeo ya utafutaji. Data hiyo haionekani kwenye skrini, lakini ukifungua msimbo wa ukurasa utakutana na kitu kama hiki:

```html
<script type="application/ld+json">
{"@context": "https://schema.org", "@type": "Product",
 "sku": "PR-410",
 "offers": {"@type": "Offer", "price": "1299.00",
            "priceCurrency": "USD"}}
</script>
```

Hapa bei ina jina lake, sarafu ina jina lake, na namba ya bidhaa ipo kuthibitisha kwamba tunazungumzia printa ileile. Mwongozo wa Schema.org unataka nukta itumike kutenga desimali na unashauri kutoweka alama za kutenganisha maelfu, jambo linaloondoa utata wa 1.299 ambayo kwa tovuti moja ni elfu moja na ushei na kwa nyingine ni moja na ushei. Duka lina sababu zake lenyewe za kuitunza data hii, kwa kuwa ikiharibika linapoteza nafasi kwenye matokeo ya utafutaji, na kwa hiyo huwa inadumu kuliko mwonekano wa ukurasa.

Hata hivyo data hii nayo hukosea. Kiolezo kinachoizalisha mara nyingine husahaulika bei ya ofa inapowekwa kwenye skrini, hivyo ukurasa unasema 999.00 na data iliyofichwa inasema 1299.00. Ukurasa unaweza kuwa na `Product` zaidi ya moja, kwa mfano za bidhaa zinazopendekezwa chini yake, na programu ikichukua ya kwanza bila kulinganisha `sku` itakuwa imerudia kosa lilelile la `.price`. Bidhaa yenye rangi au ukubwa tofauti inaweza kuwa na `AggregateOffer` yenye `lowPrice` na `highPrice` mahali pa bei moja. Kwa sababu hizo, ninaona ni kosa kuamini chanzo kimoja na kukitupa kingine. Visomwe vyote viwili, kila kimoja kwa njia yake, kisha vilinganishwe. Visipokubaliana, programu isichague mshindi. Uamuzi huo unaingia kwenye mistari michache:

```python
from decimal import Decimal

def amua(bei_data, bei_skrini, bei_jana):
    if bei_data is None or bei_skrini is None:
        return "shikilia"
    if bei_data != bei_skrini:
        return "shikilia"
    if bei_jana and abs(bei_data - bei_jana) / bei_jana > Decimal("0.3"):
        return "shikilia"
    return "pokea"
```

Bei hapa ni za aina ya `Decimal`, si `float`, ili ulinganisho usivurugwe na makosa ya ukokotoaji wa desimali. Neno la kuangalia ni `shikilia`. Bei iliyoshikiliwa haitupwi wala haiingii kwenye jedwali kuu. Huwekwa pembeni pamoja na nakala ya ukurasa mzima ilimotoka, na saa chache baadaye ukurasa husomwa tena. Punguzo la kweli la asilimia 40 lipo duniani, na programu inayolikataa moja kwa moja ni mbovu sawa na inayopokea 108.25. Usomaji wa pili ukirudisha jibu lilelile, mtu anatazama nakala ya ukurasa na kuamua, kazi ya sekunde chache.

Kizingiti cha asilimia 30 kinahitaji maelezo, kwa sababu wengi hukitegemea kuliko kinavyostahili. Kinakamata makosa makubwa kama lile la mafungu ya kila mwezi, lakini makosa mabaya zaidi ni madogo. Tuseme duka linaanza kuonyesha bei mbili, moja ikiwa na kodi ya asilimia 20 na nyingine bila kodi, na kichaguzi kinaangukia ile isiyo na kodi. Printa ya 1,299.00 sasa inasomeka 1,082.50, upungufu wa takriban asilimia 17, ambao unapita chini ya kizingiti na unafanana kabisa na punguzo la kawaida. Kinachoukamata ni ule ulinganisho wa data na skrini, kwa kuwa data iliyofichwa bado inasema 1299.00. Na kama ukurasa hauna data iliyofichwa, bado kuna dalili moja ambayo punguzo la kweli huwa nayo kwa nadra: gawanya bei mpya kwa bei ya zamani kwa kila bidhaa, kisha tazama majibu. Bidhaa 35 kati ya 40 zikitoa 0.833 kwa siku moja, uwezekano mkubwa ni kwamba kilichobadilika ni namba unayoisoma, wala si bei.

Hilo linatuleta kwenye kanuni ambayo programu nyingi za kuvuna huikosa, yaani kuutazama mzunguko mzima pamoja na kila bei peke yake. Bidhaa 2 zikishikiliwa kati ya 40, hiyo ni siku ya kawaida. Zikishikiliwa 38, muundo wa ukurasa umebadilika, na programu inapaswa kuacha mzunguko wote bila kuhifadhi hata zile 2 zilizopita, kwa kuwa huenda zimepita kwa bahati. Kinyume chake nacho ni dalili. Ikiwa bidhaa zote 40 zimebaki na bei ileile hadi senti ya mwisho kwa wiki sita mahali ambapo zamani 3 au 4 zilibadilika kila wiki, kuna uwezekano kwamba seva inatoa nakala ya zamani, au kwamba msimbo wako mwenyewe unarudisha bei ya jana kila unaposhindwa kupata ya leo. Tabia hiyo ya mwisho huandikwa kwa nia njema, ili grafu isiwe na mapengo. Pengo lenye tarehe ni taarifa. Bei ya jana iliyovaa tarehe ya leo ni uongo.

Namba ya jibu la seva nayo isiaminiwe peke yake. Tovuti nyingi hujibu 200, yaani kila kitu ni sawa, huku zikituma ukurasa wa kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu, au ukurasa wa kusema bidhaa haipo tena, ambao chini yake una bidhaa mbadala zenye bei zao. Kinga ni kudai alama ya utambulisho kabla ya kutafuta bei: kama `PR-410` haimo ndani ya ukurasa mahali inapotarajiwa, basi huu si ukurasa wa printa, na bei yoyote iliyomo haituhusu. Kwa upande mwingine, ukurasa unaokuja mtupu bila bei wala data iliyofichwa mara nyingi huwa unajazwa na JavaScript baada ya kufunguka, na hapo utahitaji kivinjari kinachoendeshwa na programu, kwa zana kama Playwright. Kivinjari hicho ni kizito kuliko ombi la kawaida, na kinaipa seva kazi zaidi, kwa hiyo kiwe chaguo la mwisho.

Nakala za kurasa zilizohifadhiwa zina kazi nyingine muhimu. Kila unaporekebisha kichaguzi, kijaribu kwanza dhidi ya kurasa za miezi iliyopita ambazo bei zake unazijua, na uangalie kama bado kinatoa majibu yaleyale pale muundo wa zamani unapotumika. Duka linaweza kubadilisha kiolezo kwa nusu ya bidhaa na kuiacha nusu nyingine, au kuwaonyesha baadhi ya wageni muundo mpya kwa majaribio na wengine wa zamani, na programu iliyosahau muundo wa zamani itaanguka upande huo. Kumbuka tu kwamba nakala hizo ni kazi ya mwenye tovuti; zitunzwe kwa ukaguzi, zifutwe zikishamaliza kazi yake, na zisichapishwe.

Masharti ya tovuti yanastahili ulinzi wa aina ileile, kwa kuwa nayo ni ukurasa unaobadilika bila taarifa. Programu inaweza kuchukua maandishi ya ukurasa wa vigezo na masharti mara moja kwa wiki, kuondoa lebo za HTML na nafasi zisizo na maana, kukokotoa alama ya SHA-256 ya kilichobaki, na kuilinganisha na ya wiki iliyopita. Alama ikitofautiana, uvunaji wa tovuti hiyo unasimama hadi mtu asome kilichobadilika na kuandika jina lake na tarehe kwamba amekisoma. Kuitaka programu iamue yenyewe kama neno jipya linakataza au halikatazi ni kuitwika mzigo usio wake. Utaratibu huo unafaa pia kwa `robots.txt`, ingawa huko programu inaweza kutii yenyewe papo hapo.

Kuna siku seva itajibu 403, yaani hairuhusiwi, kwa kila ombi, au itaanza kutuma ukurasa wa uthibitisho mahali pa bidhaa. Wapo watakaokushauri ubadilishe anwani ya mtandao, ujifanye kivinjari cha kawaida au ununue huduma ya kutatua mafumbo ya picha. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi hubadilika asili, kwa sababu mwenye tovuti ameshasema hapana kwa lugha ambayo programu inaielewa, na kila hatua ya kuikwepa itasomeka vibaya mbele ya yeyote atakayeombwa kuipima baadaye. Simamisha programu, kisha mwandikie mwenye tovuti barua fupi inayotaja bidhaa unazozifuatilia, maombi mangapi unatuma kwa siku na data inatumikaje. Wapo wenye maduka ambao wana faili la bei wanalowapa washirika wao lakini hawalitangazi, na faili la safu tatu linalotumwa kila asubuhi litaondoa haja ya kila kichaguzi kilichoelezwa hapa, ingawa ulinganisho na bei ya jana bado utabaki na kazi yake.